Magunia, nailoni au mchanga: kuchagua kifuniko cha zege bichi kwenye joto kavu

Mafundi wakikaa pamoja, ubishi wa kifuniko cha zege hauishi. Mmoja anaapa kwa magunia mabichi. Mwingine anasema tandika nailoni, kazi imekwisha. Wa tatu anasema mwaga mchanga, uloweshe, kisha shughulika na mengine. Wote watatu wana sehemu ya haki, na ubishi hauishi kwa sababu kila mmoja anazungumzia wakati tofauti wa zege lilelile.

Jamvi la zege lililomwagwa siku ya jua kali na upepo mkavu hupita katika hatari mbili zisizofanana. Ya kwanza ni ya saa chache tu, zege likiwa bado laini: uso unakauka na kupasuka kabla hata halijashika. Ya pili hudumu siku 7 au zaidi: zege limeshika, unaweza kulikanyaga, lakini simenti ndani yake bado inafanya kazi, na kazi hiyo inasimama unyevu ukiisha. Kifuniko kinachofaa katika hatari ya pili mara nyingi hakiwezi hata kugusa zege wakati wa ile ya kwanza. Ukilitambua hilo, swali la kifuniko kipi ni bora linabadilika, linakuwa kifuniko kipi kwa saa ipi.

Nitashika jamvi moja tu hadi mwisho: mita 4 kwa 5, unene sentimita 10, juu ya ardhi iliyoshindiliwa vizuri. Slabu ya ghorofa nitaigusa pale tu inapotofautiana.

Maji yanayoibwa

Jamvi hilo lina mita za ujazo 2 za zege. Tuseme kila mita ya ujazo imetumia mifuko 7 ya simenti ya kilo 50, yaani kilo 350, na maji nusu ya uzito huo, lita 175. Ili simenti yote iweze kushikana na maji hadi mwisho, inahitaji maji ya takribani asilimia 42 ya uzito wake, ambayo hapa ni lita 147 kwa mita ya ujazo. Kwa hiyo zege hili halikuzaliwa na upungufu. Lilipotoka kwenye mashine lilikuwa na maji ya kulitosha na akiba kidogo.

Naliweka hili mbele kwa sababu neno letu la kila siku, kumwagilia, linatufanya tudhani kwamba kazi ni kuliongezea zege maji. Kwa zege la kawaida kama hili, kazi ya kwanza ni kuzuia maji yaliyomo yasiondoke. Zege kavu zaidi, lililochanganywa kwa maji chini ya asilimia 40 ya simenti, ndilo linalofaidika kweli na maji ya kuongezwa kutoka juu.

Sasa yanaondoka kwa kasi gani? Kuna kanuni iliyochapishwa na Paul Uno mwaka 1998 inayokadiria maji yanayovukizwa kutoka kwenye uso wa zege lenye unyevu:

```
E = 5 × [(Tc+18)^2.5 − r × (Ta+18)^2.5] × (V+4) × 10^-6
```

E ni kilo za maji, au lita, kwa kila mita ya mraba kwa saa. Tc ni joto la zege, Ta ni joto la hewa, yote kwa sentigredi. r ni unyevu wa hewa, ukiandika 0.30 kwa asilimia 30, na V ni kasi ya upepo kwa kilomita kwa saa. Simu yenye kikokotoo cha kisayansi inatosha.

Chukua saa 5 asubuhi ya siku ngumu: hewa nyuzi 35, zege nyuzi 32, unyevu asilimia 30, upepo kilomita 15 kwa saa. Jibu ni lita 1.1 kwa mita ya mraba kwa saa. Kwa jamvi zima la mita za mraba 20, hizo ni lita 22. Zaidi ya ndoo ya lita 20 inapaa kila saa, na haichotwi sawasawa katika sentimita zote 10. Inachotwa kwenye ngozi ya juu.

Wanaofanya kazi ya zege kwenye joto hutumia lita 1 kwa mita ya mraba kwa saa kama mpaka wa hatari, na wengi huanza kuchukua tahadhari kuanzia nusu lita. Sababu ni hii: zege likitulia, kokoto na mchanga hushuka kidogo na maji hupanda juu. Maji hayo yakipanda kwa kasi kuliko yanavyovukizwa, uso unabaki umelowa. Upepo ukishinda, uso unakauka na kutaka kusinyaa, wakati zege la chini yake halisinyai. Ngozi hiyo bado haina nguvu yoyote ya kuhimili mvuto, kwa hiyo inapasuka.

Rudia hesabu hiyo ukipunguza upepo peke yake, kutoka kilomita 15 hadi 5 kwa saa, joto na unyevu vikibaki vilevile. Jibu linashuka hadi lita 0.52. Umekata nusu ya hasara bila kugusa jua. Ukimwaga jioni, hewa nyuzi 24, zege 27, unyevu asilimia 55 na upepo kilomita 6, unapata lita 0.36. Watu huogopa jua na kusahau upepo, na mimi naona hapo ndipo majamvi mengi yanapoharibikia. Turubai lililosimamishwa upande unaotoka upepo, kabla hujachanganya toroli la kwanza, ni sehemu ya kifuniko sawa na gunia lolote.

Ardhi ya chini nayo inanywa. Ukimwaga juu ya udongo mkavu bila nailoni ya chini, ulowe­shwe tangu usiku uliotangulia, uwe na unyevu bila madimbwi. Ukiwa umetandika nailoni ya chini, maji yote ya ziada yatapanda juu, na utahitaji kusubiri kidogo zaidi kabla ya kulisugua.

Saa za uso laini

"Fundi, tuanze lini kumwagilia?"

"Kesho asubuhi, bosi."

Jibu hilo limesemwa kwenye maeneo mengi ya ujenzi, na kwa siku ya mawingu halina madhara makubwa. Kwa siku tuliyoikokotoa, kesho asubuhi nyufa zitakuwa zimeshalala humo.

Inama utazame uso wa zege kwa ubavu, ukielekea mwanga. Baada ya kusawazishwa kwa ubao utaona mng'aro mwembamba wa maji. Mng'aro huo ukitoweka huku kidole gumba bado kinazama kwa urahisi, maji yanaondoka kwa kasi kuliko yanavyopanda. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza, na huja kabla ya ufa wowote. Nyufa zenyewe zina sura yake: mistari mifupi iliyonyooka, aghalabu inayokwenda sambamba kwa mshazari, ikiachana kwa sentimita 30 hadi mita 1, na mara nyingi haifiki ukingoni mwa jamvi. Kwa juu huonekana pana, zikienda chini zinapungua, lakini zinaweza kushuka sentimita kadhaa.

Ufa ukionekana wakati zege bado laini, unaweza kuufunga kwa kulisugua upya kwa ubao, ukikandamiza pande zote mbili hadi ndani, si kupaka ujiuji wa simenti juu yake. Kisha ufunike hapohapo, maana sababu iliyouleta bado ipo. Zege likishashika, kuusugua ni kuuficha tu.

Katika saa hizi, kati ya vifuniko vitatu ni kimoja tu kinachokubalika. Gunia lililolowa linaacha alama ya nyuzi zake, na maji yanayodondoka humo yanaosha simenti ya juu. Mchanga unazama na kubaki humo. Mpira wa maji ndio mbaya kuliko vyote, kwa kuwa unachimba ujiuji wa simenti na kuacha mchanga mtupu. Karatasi la nailoni pekee ndilo jepesi kiasi cha kulazwa juu ya uso laini, au kutandazwa juu ya fremu nyepesi ya mbao iliyoinuka kidogo, pembeni ikishuka hadi chini ili upepo usipite katikati.

Nailoni hii haisubiri kazi iishe. Zege likishasawazishwa, lifunikwe wakati mnasubiri muda wa kulainisha kwa mwiko wa chuma. Muda ukifika, kunja upande mmoja, lainisha mita mbili, rudisha, songa mbele. Inachosha, na wasaidizi watanung'unika. Lakini pengo hilo la saa moja au mbili kati ya ubao na mwiko ndilo linaloachwa wazi juani mara nyingi, na ndilo linalozaa nyufa.

Kama nailoni haiwezekani kwa dakika hizo, unaweza kutumia bomba la mgongoni la kunyunyizia, lililooshwa kabisa dawa, ukirusha ukungu wa maji hewani juu ya jamvi, upande unaotoka upepo. Ukungu unainua unyevu wa hewa iliyo karibu na zege. Usielekeze kwenye uso, na maji yakikusanyika juu usiyasugue ndani kwa mwiko. Ujiuji uliochanganywa na maji hayo utakuwa dhaifu, na miezi michache baadaye sakafu itatoa vumbi kila inapofagiwa.

Gunia: zuri likiwa bichi, adui likikauka

Zege likishashika, yaani kisigino hakiachi alama, mlango wa vifuniko vingine unafunguka. Katika joto hili mara nyingi ni saa 4 hadi 6 tangu lichanganywe, kutegemea simenti.

Gunia la katani au la juti lina sifa ambazo nailoni haina. Linashika maji, linayagusisha na zege moja kwa moja, na maji yanayovukizwa kutoka kwake yanalipoza jamvi. Ndiyo maana vitabu vya zamani vililipenda. Lakini sifa hiyo ya kupoza ni sifa ya kupoteza maji. Mahali pa joto kavu lenye upepo, maji yaliyo wazi hupoteza milimita 8 hadi 12 kwa siku, na gunia lililolowa halitofautiani sana na hayo. Milimita 10 ni lita 10 kwa mita ya mraba. Kwa jamvi letu ni lita 200 kila siku, ndoo 10, na kwa siku 7 ni lita 1,400. Na hazihitajiki kwa mkupuo mmoja. Zinahitajika zikigawanywa, kwa sababu gunia moja haliwezi kushika kinywaji cha siku nzima.

Unaweza kulipima lako. Lipime likiwa kavu, lizamishe, lining'inize hadi liache kutiririka, lipime tena. Tuseme limeongezeka kilo 0.8 na linafunika mita ya mraba 1 hivi. Mchana wa saa 7, jua likichukua lita 0.8 kwa saa, gunia hilo limekauka ndani ya saa moja. Je, kuna mtu wa kulilowesha kila nusu saa kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 11 jioni kwa wiki nzima? Kama hayupo, umejidanganya, maana gunia lililokauka halikai tu bila kazi. Linafyonza unyevu kutoka kwenye zege linaloligusa na kuupeleka hewani. Kisha ukija na ndoo ya maji baridi, uso uliopata moto unapozwa ghafla na kulowa ghafla. Mzunguko huo wa kukauka na kulowa huleta utando wa nyufa ndogondogo zenye sura ya ramani, vipande vya sentimita chache chache. Inashauriwa maji ya kumwagia yasiwe baridi kuliko zege kwa zaidi ya nyuzi 11 hivi, kwa hiyo pipa lililokaa karibu na jamvi ni bora kuliko maji yanayotoka moja kwa moja kisimani.

Kuna tatizo jingine la siku hizi. Magunia mengi yaliyopo ni viroba vya plastiki iliyosokotwa, salfeti. Hayo hayashiki maji. Maji yanapita kati ya nyuzi, upepo nao unapita, na jamvi linaonekana limefunikwa wakati liko wazi. Kiroba si gunia, wala hakizibi kama nailoni.

Magunia ya kweli nayo yaulizwe yalibeba nini. Yaliyobeba sukari yasitumike bila kuoshwa sana, kwa sababu sukari hata kidogo inazuia simenti kushika na kuacha uso wa ungaunga. Yaliyobeba mbolea au chumvi yaachwe kabisa. Hata mapya yafuliwe mara moja, yatoke mafuta na rangi inayoweza kutia doa.

Nailoni: inafunga mlango, mradi imefungwa kweli

Nailoni haiongezi hata tone. Inachofanya ni kufungia hewa yenye unyevu juu ya zege, na kwa zege letu lenye akiba ya maji, hilo linatosha. Faida yake kubwa ni kwamba haihitaji mtu kila nusu saa.

Unene wa milimita 0.1 ndio wa chini unaotegemewa. Nyembamba zaidi inatoboka kwa kokoto moja chini ya kiatu. Rangi ina maana kuliko watu wanavyodhani. Nyeusi, ile inayopatikana kirahisi kwa sababu hutumika chini ya sakafu, inameza jua na kulichemsha zege siku ambayo tayari lina joto lake la kushika. Zege lililopata moto mapema hupata nguvu haraka mwanzoni na kuishia na nguvu pungufu baadaye, na linapopoa usiku husinyaa zaidi. Kwenye joto kavu chukua nyeupe isiyopitisha mwanga. Kama una nyeusi tu, iwekee kivuli juu, au mtandiko wa majani, au mchanga mwembamba.

Udhaifu wa nailoni uko kwenye kingo. Upepo ukipata mwanya upande mmoja na tundu upande wa pili, chini ya karatasi kunakuwa na mkondo wa hewa unaokausha zege huku wewe ukiamini limefungwa. Vipande vipandane kwa sentimita 30 au zaidi, na kingo zote zikandamizwe kwa mfululizo, kwa mchanga au mbao zilizolazwa ncha kwa ncha. Matofali yaliyowekwa hapa na pale hayatoshi, kwa kuwa nailoni hupepea kati ya tofali na tofali. Karatasi ishuke na kufunika ubavu wa jamvi pia.

Kuiangalia ni rahisi. Asubuhi inua kona. Upande wa chini uwe na matone, na zege liwe na rangi nzito ya unyevu. Ukikuta karatasi kavu na zege lenye rangi ya majivu meupe, kuna mahali panavuja hewa. Lowesha, ziba, funika upya.

Ubaya mmoja wa nailoni hauna tiba rahisi. Pale inapogusa zege na pale ilipojikunja, unyevu unatofautiana, na uso hutoka na mabaka ya rangi nzito na nyepesi. Nguvu haipungui, lakini kama sakafu itaachwa wazi bila vigae wala rangi, mabaka hayo yataonekana kwa muda mrefu. Hapo weka magunia mabichi chini ya nailoni, na kwa maoni yangu huo ndio mpango bora kuliko yote mtu akiwa na vifaa. Gunia linagawa unyevu sawasawa, nailoni inazuia ule upotevu wa ndoo 10 kwa siku. Ndoo moja au mbili kwa siku zinatosha jamvi lote, tena zikimiminwa kingoni tu.

Mchanga: unaodharauliwa bila sababu

Mchanga una tabia ambayo gunia halina, na kwa jamvi la chini naona unastahili heshima kubwa kuliko unayopewa. Utandaze kwa unene wa sentimita 5, uloweshe hadi chini. Mchanga wa kawaida hubaki na maji ya takribani sehemu moja ya kumi ya ujazo wake baada ya kuchuja, kwa hiyo kila mita ya mraba ina lita 5 hivi. Linganisha na lita 0.8 za gunia letu.

Kisha kuna jambo la pili, muhimu kuliko akiba hiyo. Sentimita ya juu ya mchanga ikikauka, njia ya maji kupanda inakatika. Nafasi kati ya chembe zinajaa hewa, na mvuke inabidi upenyeze polepole katika tabaka kavu. Kasi ya kupoteza maji inashuka sana. Gunia linapoteza maji kwa kasi ileile hadi linakaribia kuisha. Mchanga unajifunika wenyewe. Ndiyo sababu kulowesha mara moja asubuhi na mara moja jioni huweza kutosha pale ambapo gunia lingedai mtu wa kudumu.

Tabia hiyohiyo inadanganya macho. Mchanga mkavu juu unaweza kuwa bichi chini, au kavu kabisa. Usitazame, chimba kwa kidole hadi uguse zege, mahali patatu au panne, na usikose kwenye kona na kingo, maana huko ndiko hukauka kwanza. Chembe zilizo karibu na zege zishikamane na kidole.

Gharama yake ni uzito na uchafu. Jamvi letu linataka mita ya ujazo 1 ya mchanga, kama tani moja na nusu: toroli nyingi za kuleta na za kuondoa. Kwa jamvi la chini si tatizo, hasa kama mchanga huo utakwenda kwenye lipu baadaye. Kwa slabu ya ghorofa ni jambo jingine. Sentimita 5 za mchanga uliolowa ni karibu kilo 80 kwa kila mita ya mraba, zikibebwa na mirunda ambayo tayari ina slabu yenyewe, na slabu ya sentimita 12 ina kilo 300 hivi kwa mita ya mraba. Mirunda ambayo haikukadiriwa kwa mzigo huo wa ziada isiongezewe. Ghorofani mimi ningebaki na magunia chini ya nailoni.

Mchanga wa pwani uachwe, kwa sababu chumvi yake inaingia kwenye zege na kula nondo. Mchanga wenye udongo mwekundu unatia doa. Na usiumwage juu ya zege ambalo bado linaachia alama ya kisigino.

Wiki ya jamvi moja

Turudi kwenye mita zetu za mraba 20, tukiwa na pipa mbili za lita 200, mtu mmoja anayepita asubuhi na jioni, na mchanga wa lipu umeshaletwa. Hakuna wa kusimamia magunia mchana. Hapo chaguo langu ni nailoni siku ya kwanza, mchanga kuanzia ya pili.

Zege linamwagwa saa 10 jioni, joto likianza kushuka, turubai likiwa limesimama upande wa upepo. Linasawazishwa, linafunikwa kwa nailoni nyeupe, linafunuliwa kwa zamu kwa ajili ya mwiko, linafunikwa tena na kukandamizwa kingo zote. Linalala hivyo. Alfajiri nailoni inakunjwa, zege linaloweshwa kwa upole kwa maji ya pipa, mchanga unatandazwa kabla jua halijapanda, na unaloweshwa kwa lita 100 hivi. Kuanzia hapo, kila asubuhi na jioni kidole kinachimba, na maji yanaongezwa kadiri kidole kinavyosema. Siku za kwanza zitataka ndoo kadhaa. Nailoni iliyobaki itandazwe kwenye ukanda wa ukingo wenye upepo zaidi.

Siku 7 zinatosha kwa simenti isiyochanganywa, lakini katika joto kavu 10 ni salama zaidi. Tazama maandishi ya mfuko. Ukiona CEM II au CEM IV, kuna uwezekano kwamba ina majivu au pozolana, na vitu hivyo hufanya kazi yake polepole na vinahitaji unyevu kwa muda mrefu. Hapo lenga siku 14. Unyevu ndani ya zege ukishuka chini ya asilimia 80 hivi, kazi ya simenti karibu inasimama, na ngozi ya juu ndiyo ya kwanza kufika huko.

Mwisho wa siku hizo usiondoe kifuniko mchana na kuliacha jamvi juani. Acha kulowesha, uuache mchanga palepale siku 2 au 3 ukauke wenyewe, ndipo uuzoe. Kama ulitumia magunia na nailoni, toa nailoni jioni, yaache magunia yakauke juu ya zege.

Kisha jaribu uso. Mkwaruzo wa msumari uache mstari mweupe mwembamba, usichimbe unga. Kiganja kikisuguliwa kisitoke na vumbi jeupe. Mimina kikombe cha maji: yakikaa juu yakitandaa polepole, ngozi imekomaa, yakinywewa papo hapo kama kwenye tofali, imebaki na matundu. Ukiligundua hilo baada ya siku chache tu, lowesha upya na ufunike. Simenti iliyobaki itaendelea kidogo, ingawa haitarudisha yote. Ukiligundua baada ya miezi, kilichobaki ni kulisugua jamvi hadi kwenye zege gumu na kuweka tabaka jipya la sakafu juu yake, nalo pia litataka kufunikwa.